Mapatano ya Mdomo na Barua ya Siku ya Pili

Watu wawili wakiisha kupatana kwa maneno, wakashikana mikono na kunywa chai, mara nyingi huwa vigumu kwa mmoja wao kusema, "Basi, na tuandike." Neno hilo laweza kumwumiza mwenzake, hasa akiwa ni mkubwa kwa umri, au jirani, au mkwe. Huona kama ameambiwa ya kuwa ulimi wake hauaminiki. Kwa hiyo watu wengi hunyamaza, na karatasi haikumbukwi tena mpaka siku ya ugomvi. Siku hiyo kila mmoja huandika kumbukumbu zake kwa hasira, na maandishi ya namna hiyo hayana nguvu kubwa, kwa sababu yameandikwa na mtu ambaye tayari anatafuta kushinda.

Iko njia ya katikati, nayo hutumiwa sana na wafanya biashara wenye adabu. Mapatano hufanywa kwa mdomo kama desturi ilivyo, na siku ya pili yake mmoja wao humpelekea mwenzake barua fupi ya kurudia yaliyosemwa. Barua hiyo si mkataba mpya, wala haitaki mihuri. Ni ukumbusho tu. Lakini imeandikwa wakati pande zote mbili zimeridhika, na hiyo ndiyo thamani yake.

Msomaji na achukue mfano wa mwalimu afanyaye kazi Mombasa, ambaye anataka kumjengea mama yake nyumba ya vyumba vitatu nyumbani kwao Taita. Fundi aliyemchagua ni mzee wa rika la marehemu baba yake, mtu aliyejenga nusu ya nyumba za kijiji kile. Jumamosi tarehe 1 Machi 2025 wawili hawa walikaa chini ya mwembe wakazungumza muda wa saa mbili. Walipima kiwanja kwa hatua, wakakubaliana juu ya ujira wa mikono, yaani shilingi 180,000, wakaagana kwa furaha. Mama alikuwapo, lakini alikuwa akiingia na kutoka jikoni, na maneno mengine hakuyasikia.

Mwalimu hakumwambia mzee waandike pale pale. Jumapili, kabla ya kurudi kazini, aliandika barua hii:

"2 Machi 2025.

Kwa Mzee wangu Fundi, salamu nyingi kwako na kwa watu wa nyumbani. Nakushukuru kwa saa zako za jana. Kwa kuwa nitakuwa mbali, na mama ndiye atakayesimama mahali pangu, nimeona niyaandike tuliyozungumza, ili yeye asikusumbue kwa maswali na mimi nisije nikasahau yaliyo juu yangu.

Yangu ni haya. Nitaleta saruji, mchanga, kokoto, matofali, mbao, mabati na misumari. Nitakulipa shilingi 180,000 (mia na themanini elfu) kwa kazi ya mikono, kwa mafungu manne: 40,000 siku ya kuanza; 50,000 kuta zikifika kwenye linta; 50,000 nyumba ikiisha kuezekwa; na 40,000 kazi ikimalizika.

Yako, kama nilivyoelewa, ni kujenga nyumba ya futi 30 kwa futi 24, tangu msingi mpaka sakafu na lipu, ndani na nje, na kutia milango na madirisha. Wasaidizi utawatafuta na kuwalipa wewe mwenyewe kutoka katika ujira huo. Kazi itaanza Jumatatu tarehe 10 Machi na kumalizika tarehe 31 Mei 2025. Lakini ulinikumbusha kuwa ni wakati wa masika, na siku ambazo mvua itazuia kazi zitaongezwa mwishoni.

Neno moja sikulikumbuka vizuri: maji ya kujengea yataletwa na nani? Tena naomba unijulishe mchanga ufike tarehe gani. Ikiwa nimeandika jambo lo lote sivyo, tafadhali nirekebishe, maana nilikuwa nikisikiliza na kupima kiwanja wakati ule ule.

Mimi mwanao."

Barua hii yastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu adabu yake haimo katika salamu peke yake. Imo zaidi katika mpango wa maneno. Kwanza, mwandishi ametaja sababu ya kuandika, na sababu hiyo ni ya kweli: yeye atakuwa mbali, na mama hakusikia yote. Sababu ya namna hii karibu kila mara ipo, ila watu hawaitafuti. Labda yuko mke au mume atakayelipa, au ndugu aliyechangia fedha, au mweka hazina wa chama, au mwandishi mwenyewe ana kazi nyingi na husahau. Sababu isiyofaa ni ile isemayo, "Siku hizi watu hawaaminiki." Hata kama haikumlenga msomaji wake, itampiga.

Pili, mwandishi ameanza na madeni yake mwenyewe. Barua ianzayo na wajibu wa mwenzako husomwa kama amri; ianzayo na wajibu wa mwandishi husomwa kama ahadi. Mzee akiona shilingi 180,000 zimeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, kwa mkono wa yule atakayezilipa, mara moja hutambua ya kuwa karatasi ile inamlinda yeye kwanza. Wala si hila. Katika kazi za ujenzi fundi ndiye hudhulumiwa mara nyingi, akamaliza paa na kuambiwa angoje mwisho wa mwezi.

Tatu, amesema "kama nilivyoelewa." Maneno haya mawili hufanya kazi kubwa. Mtu akiandika "kama ulivyoahidi," amemfunga mwenzake kwa neno ambalo pengine hakulisema, na akikataa itakuwa kama anavunja ahadi. Akiandika "kama nilivyoelewa," kosa likiwapo ni la masikio ya mwandishi, na mwenzake aweza kulisahihisha bila kuona haya.

Basi mzee alisomewa barua na mjukuu wake, akapiga simu Jumatatu jioni. Mchanga alitaka ufike tarehe 7. Kuhusu maji, alisema ni desturi ya pale mwenye nyumba kuyaleta, kwa kuwa mto uko mbali na hana punda. Kisha akaongeza kwa upole kwamba lipu ya nje haikuwamo. Yeye alihesabu lipu ya ndani tu. Nje alikusudia kusawazisha viungo vya matofali, kama nyumba ya jirani ilivyo.

Hapo ndipo faida ya barua ilipoonekana. Hapakuwa na mwongo kati yao. Chini ya mwembe mwalimu alisema "lipu," akiwa na picha ya nyumba za Mombasa, na mzee aliitikia "lipu," akiwa na picha ya nyumba za kijijini. Wote wawili walisema kweli, na kila mmoja alikwenda kulala na nyumba yake tofauti. Kama jambo hili lingegunduliwa mwezi wa Juni, fungu la mwisho la shilingi 40,000 lingezuiliwa, mzee angeondoka na mwiko wake, na mama angebaki kati ya mwanawe na rafiki wa mumewe. Liligunduliwa tarehe 3 Machi, kabla ya tofali moja kuwekwa, na kwa dakika kumi za simu. Walikubaliana nje iwe viungo tu, ujira usibadilike, na maji yaletwe na mwalimu. Usiku ule mwalimu aliandika ujumbe mfupi wa simu: "Mzee, asante kwa kunisahihisha. Basi lipu ni ya ndani tu, nje ni kusawazisha viungo. Maji ni juu yangu. Mchanga utafika tarehe 7. Mengine ni kama barua ya tarehe 2." Mzee akajibu kwa neno moja: "Sawa."

Ujumbe wa pili usisahauliwe. Watu wengi huandika barua ya kwanza vizuri, kisha husahihishana kwa mdomo na kuacha barua ya makosa ikiwa ndiyo pekee iliyobaki sandukuni. Hiyo ni mbaya kuliko kutoandika kabisa, maana karatasi sasa inashuhudia jambo lisilokuwa.

Tena litazamwe swali la mchanga. Barua ya kuthibitisha ina udhaifu mmoja: mwenzako akinyamaza, je, amekubali? Ukimya peke yake si jibu la kutegemewa. Aweza kusema baadaye kwamba barua haikumfikia, au kwamba hakuisoma. Lakini kumwambia "nijibu kama umekubali" kuna harufu ya mahakama. Kwa hiyo mwandishi mwerevu hutia swali dogo la kazi ambalo halina budi kujibiwa ili kazi iende: mchanga ufike lini, ufunguo uachwe kwa nani, gari lipite njia gani. Mwenye kujibu swali hilo ameonyesha kwamba barua ameipata na ameisoma, naye hakuhisi kuwa amewekewa mtego, kwa sababu si mtego. Mchanga kweli lazima ufike.

Liko kosa moja liharibulo barua hizi kuliko yote, nalo ni kuingiza jambo jipya. Tuseme mwalimu, akiisha kufika Mombasa, angeshauriwa na rafiki aandike kwamba kila siku ya kuchelewa fundi atakatwa shilingi 500. Jambo hilo halikusemwa chini ya mwembe. Mzee akilikuta katikati ya barua ya ukumbusho, haki yake ni kukasirika, na tangu hapo atatilia shaka hata mistari iliyo ya kweli. Ikiwa mtu amekumbuka jambo jipya la haki, na aliweke mbali na mengine, mwishoni, kwa maneno ya wazi: "Hili hatukulizungumza, nalo ni ombi tu." Ukumbusho na ombi visikae katika mstari mmoja.

Kuhusu wakati, barua ipelekwe siku ile ile au ya pili yake. Ikichelewa wiki mbili, mpokeaji atajiuliza ni nini kilichotokea hata mwenzake akaanza kuandika. Na ikija baada ya ugomvi kuanza, haitakuwa tena barua ya kuthibitisha. Ni barua ya madai, na yafaa iitwe hivyo.

Lugha nayo iwe ile waliyozungumza. Si vyema kupatana kwa Kiswahili au Kitaita na kisha kuandika kwa Kiingereza cha ofisi, chenye maneno ambayo mzee atalazimika kwenda kuyatafsiriwa na mtu mwingine. Ikiwa mpokeaji hajui kusoma, barua isomwe mbele yake na mtu wa upande wake, na jina la msomaji huyo liandikwe chini ya nakala pamoja na tarehe.

Sheria ya Kenya yasemaje? Kwa kazi kama hii ya fundi, mapatano ya mdomo ni mapatano halali, na mwenye kudai ana miaka 6 ya kulipeleka dai lake mahakamani. Shida ni ushahidi: nani alisema nini. Hapo barua ya siku ya pili, na jibu lake, huwa na uzito mkubwa. Madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 yaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambayo haifungwi sana na kanuni kali za ushahidi, na ambako mtu aweza kujisemea mwenyewe bila wakili. Ujumbe wa simu pia hupokelewa mahakamani, lakini kwa taratibu zake. Basi usifutwe, na simu yenyewe isiuzwe kabla ya mambo kwisha.

Walakini yako mambo ambayo barua ya namna hii haitoshi, na hapa wengi hujidanganya. Kununua ardhi ni jambo la kwanza. Tangu mwaka 2003 sheria ya mikataba ya Kenya inataka mapatano ya kuuza ardhi yawe katika maandishi, yatiwe sahihi na pande zote, na kila sahihi ishuhudiwe na mtu aliyekuwapo. Na ikiwa ni shamba la kilimo, hutakiwa pia kibali cha bodi ya ardhi ya mahali pale. Mtu aliyelipa fedha za kiwanja kwa mapatano ya mdomo, kisha akapeleka barua nzuri ya shukrani, ana ushahidi wa fedha zake labda, lakini ardhi hajainunua. Jambo la pili ni udhamini: mtu hawezi kushtakiwa kwa deni la mwingine kwa sababu tu alisema kwa mdomo "mimi nitamlipia", neno hilo lazima liwe limeandikwa na yeye au mwakilishi wake kulitia sahihi. Na jambo la tatu ni kazi ya kuajiriwa. Kwa sheria ya kazi ya mwaka 2007, kazi ya kuanzia miezi mitatu hutakiwa kuwa na mkataba wa maandishi, na ni wajibu wa mwajiri kuuandaa. Mwalimu na mzee hawahusiki na hili, kwa maana fundi ni mtu wa kujitegemea aliyechukua kazi kwa jumla.

Kuta zilifika kwenye linta katikati ya mwezi wa Aprili. Mwalimu alituma shilingi 50,000 kwa simu. Ujumbe wa M-Pesa huonyesha kiasi, jina, tarehe na saa, lakini hausemi fedha ni za nini, na mtu aliyepokea fedha mara tano huweza kwa haki kabisa kusahau ipi ilikuwa ya nini. Kwa hiyo mara baada ya kutuma aliandika: "Mzee, zile 50,000 ni za linta. Sasa tumelipana 90,000, zimebaki 90,000. Mama asema kuta zimenyoka kama uzi." Hesabu imetajwa na sifa imetajwa, na mzee, kwa vyovyote, alisoma sifa kwanza.

Siku chache baadaye mama aliomba jiko liongezwe futi sita upande wa nyuma. Nyongeza ndizo huzaa kesi nyingi za ujenzi, maana husemwa huku watu wamesimama, fundi ameshika mwiko, na hakuna atajaye bei. Mzee alikubali papo hapo kwa kumheshimu mama. Mwalimu aliposikia, alimpigia, akauliza bei bila kubishana, akaambiwa shilingi 15,000. Ujumbe wake ulikuwa huu: "Mzee, nakushukuru kwa kumkubalia mama. Jiko litaongezwa futi 6 kwa 15,000, nazo nitazilipa pamoja na fungu la mwisho. Jumla sasa ni 195,000. Zilizobaki ni 105,000. Saruji ya nyongeza itahitajika mifuko mingapi?" Hapa tena swali la kazi limefuata hesabu. Jibu lilikuja baada ya saa moja: mifuko 8.

Masika yalikuwa mazito, na mvua ilizuia kazi siku 11. Mama alizitia alama kwenye kalenda ya ukutani, mzee akiziona kila alipokuja kunywa maji, ili pasiwe na hesabu mbili. Kwa barua ya tarehe 2 Machi, siku ya mwisho ilihama kutoka tarehe 31 Mei mpaka tarehe 11 Juni. Nyumba ilimalizika tarehe 10. Baada ya kuezeka mzee alikuwa amepokea 50,000 za fungu la tatu, hivyo zilibaki 55,000, na hapakuwa na mtu wa kuuliza ni kwa nini si 40,000. Mwalimu alikuja mwenyewe akazilipa mkononi mwa mzee mbele ya mama. Kisha, kwa kuwa fedha taslimu haziachi alama, chini ya nakala ya barua ile ile aliandika, "Imelipwa yote, 195,000, tarehe 14 Juni 2025," nao wakatia sahihi wote wawili. Nakala moja mzee aliikunja akaitia mfukoni. Husemekana sasa huwaonyesha watu wanaokuja kumtafuta kwa kazi, akiwaambia waandike kama ile.